Tupeane uzoefu: mkoba wa kazini, wa sokoni na wa sherehe mnauchaguaje?

Mama Pacha, Ntinda

Jamani, Jumatatu mpini wa mkoba wangu umekatika pale Old Taxi Park wakati nashuka kwenye teksi. Bakuli la chakula liliviringika hadi chini ya gari. Laptopu niliidaka kwa mapaja, Mungu saidia. Mkoba una miezi 4 tu! Ni mkubwa, mweusi, niliupenda kwa jinsi ulivyosimama dukani. Kumbe ulisimama kwa karatasi walizoujaza.

Jioni nikamwomba muuza nyama jirani anipimie kwenye mzani wake: kilo 4 na robo. Laptopu kilo 1 na nusu, maji nusu, chakula robo tatu, mwavuli na chaja nusu nyingine. Kilo nzima iliyobaki ni mkoba wenyewe ukiwa mtupu. Na huohuo ndio naenda nao Nakasero kununua mboga, na ndio niliobeba kwenye kwanjula ya binamu yangu, siku ya kumtambulisha mchumba nyumbani. Sasa nanunua upya. Ninyi mnachaguaje ukubwa, umbo na rangi?

Fundi wa Kisenyi

Pole mama. Naweza kukisia ulipokatikia: si katikati ya mpini, ni pale uliposhonewa kwenye mkoba. Nikosoe kama si hivyo. Mikoba ya reksini ikiletwa kwangu, mingi imechanika hapo. Mpini unashonwa juu ya reksini peke yake, halafu mashine inapiga matundu yaliyokaribiana mno. Reksini inakuwa kama karatasi iliyotobolewa ili ichanwe. Mzigo ukining'inia siku baada ya siku, inafuata mstari wa matundu.

Ukienda kununua, ingiza mkono ndani upapase nyuma ya mshono wa mpini. Ukisikia kipande kigumu kati ya reksini na bitana, kuna kiraka cha kuushikilia. Ukikuta bitana laini tupu, huo ni wa simu na leso. Kisha toa zile karatasi zote, uweke mezani. Ukilala kama paka, laptopu yako itajikunja humo na kukaa upande mmoja, na bega moja ndilo litakaloumia. Wa kazini unatakiwa uwe na kadibodi ngumu chini na vijiguu vya chuma, maana ofisini tunaweka sakafuni, na sakafu hupigwa deki.

Huo uliokatika ulete, au mpelekee fundi yeyote wa karibu. Ukitiwa kiraka cha ngozi kwa ndani utarudi kazini.

Mwalimu wa Jinja

Mimi nilipima kitako nikasahau mdomo. Niliupata Owino, wa mtumba, umbo la pembetatu iliyokatwa kichwa: chini mpana, juu mwembamba. Kitako sentimita 38, nikasema mafaili yangu ya wanafunzi yataingia na nafasi itabaki. Nyumbani zipu inafunguka sentimita 28. Karatasi ya A4 ina urefu wa sentimita 29.7, na faili lake linazidi hapo! Mwaka mzima nilikuwa naingiza mafaili yakiwa yamekunjwa pembe kama sambusa.

Siku hizi natembea na faili tupu ndani ya mfuko wa nailoni. Nikipenda mkoba naliingiza palepale mbele ya muuzaji. Wengine wananuna, lakini likiingia na zipu ikafunga bila kuvutana, ndipo tunaongea bei.

Mama Busia

Mimi siku za soko sibebi mkoba kabisa. Nafunga kibindo cha kitambaa kiunoni chenye zipu mbili, noti kubwa mfuko wa ndani, chenji mfuko wa nje. Mkoba utauweka wapi na mikono yote iko kwenye nyanya?

Mama Pacha, Ntinda

Mama Busia, mimi ni mnunuzi, wewe ni muuzaji 😂 Lakini hiyo ya mifuko miwili nimeichukua. Fundi, ni kweli, umekatikia kwenye mshono.

Nyabo wa Kawempe

Kwa sokoni nina kamkoba bapa, urefu kama sentimita 22, mkanda mrefu wa kuvuka kifua, zipu juu. Nakakalisha mbele tumboni, sio ubavuni. Kwenye msongamano wa Owino cha ubavuni si chako. Nikipanda boda nakahamishia katikati yangu na dereva, kwa sababu mkanda ukining'inia nje mtu wa pikipiki nyingine anaunyakua na kukuangusha. Mboga zina kikapu chake. Mkoba wenye mdomo wazi wa sumaku sokoni sikushauri hata uwe mzuri vipi.

Kiberiti

Ninyi nunueni ngozi halisi muachane na reksini. Kuijua ni rahisi: washa kiberiti uguse kidogo. Ikiyeyuka ni plastiki, ikinuka nywele ni ngozi.

Fundi wa Kisenyi

Kiberiti, harufu ni kweli, ila kuna ngozi ya kusaga: vumbi la ngozi limegandishwa na gundi, juu likapakwa plastiki. Nayo inanuka nywele, na inabanduka magamba kama reksini. Halafu nani atakuruhusu uwashe moto kwenye mali yake? Tafuta ukingo uliokatwa bila kukunjwa, mara nyingi ndani ya mfuko mdogo au mwisho wa mkanda. Nyuzinyuzi zilizoshikana kama sufi ni ngozi. Ukiona kitambaa kilichofumwa na utando juu yake, ni reksini. Na wa mtumba ukunje pale kwenye mpini na kwenye pembe: ukiona nyufa nyembamba, unyevu umeshaula, miezi michache utaanza kumwaga magamba kwenye nguo. Msiuhifadhi ndani ya nailoni, unazidi kuharibika.

Senga wa Masaka

Mwanangu, kwenye kwanjula hatuendi na gunia la kilo 4! Gauni la gomesi lina mabega yaliyochongoka. Mkanda wa begani unayalaza, unaonekana kama kuku aliyenyeshewa. Beba pochi ya mkononi yenye kitanzi cha kuvaa kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu utapiga magoti kusalimia, utakaa mkekani, na mkono mmoja lazima uwe huru. Ile ya mkufu mrefu inaburuzika kwenye mkeka.

Ila ijaribu na simu yako. Zile pochi ngumu za kisanduku ni kubwa nje, ndani ni nyembamba. Yangu ya dhahabu haikuingiza simu, nikaishika mkononi sherehe nzima.

Rangi mimi nafuata kitambaa cha kiunoni, si gomesi yenyewe.

Mwalimu wa Jinja

Kuhusu rangi, mkoba mweupe maziwa niliubeba na suruali mpya ya jinzi siku moja tu. Upande wa paja ukawa bluu, haujatoka mpaka leo. Na mweusi wanaosema hauonyeshi uchafu hawajapita barabara ya vumbi jekundu kiangazi. Wangu wa sasa ni kahawia ya tofali.

Mama Pacha, Ntinda

Nimeamua. Mweusi utatiwa kiraka ubaki wa laptopu, chaja na mwavuli, chakula na maji vinahamia kwenye kikapu. Hapo begani nabaki na kilo 3. Jumamosi natafuta kale ka kuvuka kifua, rangi ya tofali. Pochi ya sherehe nitaazima kwanza kwa dada yangu.

Senga, na viatu je? Mama yangu anasema lazima vifanane na mkoba.

Senga wa Masaka

Mama yako yuko sahihi.

Nyabo wa Kawempe

Senga, hiyo ilikuwa zamani!