Mrejesho: nyumba ya 11 na marafiki wangu wa Hombolo

Niliuliza: "Kwenye chati yangu ya nyota, nyumba ya 11, ile ya marafiki, iko Samaki, bwana wake ni sayari Mshtarii. Mbona tangu nihamie Dodoma sina kundi?"

Wakuu, asanteni mlioniambia nikahakikishe saa ya kuzaliwa. Niliandika saa 2 na nusu asubuhi kwa kukisia tu. Mama akacheka: "We ulizaliwa jua linachungulia." Ni Aprili 1979, jua liko Kondoo, na linapochomoza tu, buruji lake ndilo linalopanda na kuwa nyumba ya 1. Kwa hiyo nyumba ya 11 ni Ndoo, bwana wake Zohali, naye yuko Mashuke, nyumba ya 6 ya kazi na jasho.

Kumbe nilikuwa nasubiri marafiki wa sherehe! Wa Zohali ni wachache, wamekuzidi umri, wanachelewa. Mimi nimewapata shambani Hombolo, kupogoa zabibu. Mzee mmoja alininyang'anya mkasi: "Acha macho mawili kwenye tawi, mjukuu, si matano." Wiki ya tatu ndipo akaniuliza jina. Sasa tuko wanne, nisipofika wananipigia. Harusini, hata hivyo, bado nakaa peke yangu.