Memwari ya kurasa 112, vichwa vyote nilipiga gra kwa mkono: navibadilisha vipi kwa pamoja?

Furaha_Ibanda
Jambo ndugu na dada. Naandika memwari hapa Bukavu, juu ya muhogo kule Kabare, katika Word ya Kifaransa. Kila kichwa cha sura nilikipiga gra na kukiweka saizi 14, vichwa vidogo gra saizi 12. Nikitaka nafasi nagonga Entrée mara mbili, na ili sura ianze ukurasa mpya nagonga mpaka ukurasa uishe. Sasa direkta anataka vichwa vya sura viwe 16, vidogo viwe italiki bila gra, na nafasi zipungue. Nimehangaika jioni mbili, nimefika sura ya tatu, nakuta nimeruka vichwa viwili katika sura ya kwanza. Na nikifuta nafasi mahali pamoja, sura inayofuata inapanda mpaka katikati ya ukurasa. Nisaidieni.

Patient_Kadutu
Rahisi dada. Ctrl+H, tafuta gra, upande wa pili chagua stili ya Titre 2, Remplacer tout. Imekwisha.

Mzee_wa_Uvira
Mimi pia ilinitesa. Kurasa za mwanzo zilikataa kuandika i, ii, iii. Je, Titre 1 inarekebisha namba hizo?

Mama_Saisi
Mzee, namba za kurasa zinatawaliwa na seksioni, stili haiziguse. Fungua uzi wako, nitakujibu huko.

Furaha, usifanye vile Patient amesema kabla ya kunijibu: ndani ya maandishi ya kawaida kuna maneno uliyoyapiga gra? Na una kopi ya kabla ya jioni hizo mbili?

Furaha_Ibanda
Ndiyo yaya, majina ya vijiji yote ni gra. Kopi iko kwenye flashi.

Mama_Saisi
Basi chukua ile ya flashi, kwa sababu ndani yake vichwa vyote vya sura bado ni 14. Hiyo ya sasa ina mchanganyiko.

Anza na mistari mitupu, vichwa baadaye. Mistari mingine mitupu nayo ni gra, ukiiacha itageuka vichwa visivyo na neno. Bonyeza ¶ uone alama. Mstari wenye nafasi moja tu ndani unaonekana mtupu na sio mtupu, kwa hiyo fanya Remplacer tout hivi, wa kwanza mara moja, wa pili tena na tena:

```
Rechercher : ^w^p    Remplacer par : ^p
Rechercher : ^p^p    Remplacer par : ^p
```

Hesabu itashuka kila mara. Ikigoma kwenye moja au mbili, usishangae, mara nyingi ni mstari ulioshikwa kando ya tablo. Na mstari mtupu kati ya tablo mbili usiufute kwa mkono, zitaungana.

Kisha sura. Katika Ctrl+H futa ile ^p^p iliyobaki katika Rechercher, na ukiwa hapo hapo bonyeza Plus, Format, Police, weka Gras na 14. Chini, futa ^p na uache Remplacer par bila neno, ila Format, Style, Titre 1. Hapo Remplacer tout haina hatari, maana majina ya vijiji ni 12. Kwa vichwa vidogo bonyeza Sans attributs katika sehemu zote mbili, weka Gras na 12 kwa Titre 2, lakini pita kimoja kimoja: kichwa, Remplacer, kijiji, Suivant. Titre 2 ni stili ya aya nzima. Neno moja la gra likiguswa, aya yote inageuka kichwa.

Sasa bonyeza kulia juu ya Titre 1, Modifier, weka 16. Humo humo, Format, Paragraphe, weka nafasi ya juu na ya chini, na katika Enchaînements chagua Saut de page avant. Sura itaanza ukurasa mpya hata ukiongeza kurasa kumi kabla yake.

Patient_Kadutu
Kweli, sikufikiria maneno ya ndani. Memwari yangu haikuwa nayo.

Furaha_Ibanda
Nimerudi. Sura tano zote zimekaa, na nilipobadilisha Titre 2 kuwa italiki, vichwa 43 vilifuata mara moja. Ila vitatu vimebaki na gra. Na katika Volet de navigation naona aya nzima ya Kabare imejipanga kama kichwa.

Mama_Saisi
Hiyo aya uliigusa kwa bahati mbaya, irudishie Normal. Volet hiyo ndiyo kioo chako, isome yote juu mpaka chini. Vile vitatu bado vina gra ya mkono juu ya stili: chagua kila kimoja, Ctrl+Espace.

Furaha_Ibanda
Imeitika! Sasa nataka maandishi ya kawaida nayo yafuate Normal. Nikichagua yote na kupiga Ctrl+Espace, je, *Manihot esculenta* itabaki italiki?

Mama_Saisi
Hapana, itapotea, pamoja na gra za vijiji. Usiguse bado. Mimi kwa kazi za wateja huwa narudishia italiki jina kwa jina, na sijapenda njia hiyo.

Patient_Kadutu
Majina ya Kilatini ni mangapi?

Furaha_Ibanda
Sijahesabu. Sura ya pili peke yake imejaa.