Naomba ushauri: mstari uliokatika ukigeuka mfululizo wakati bado naovateki

Wakuu, habari zenu. Najua kwamba pale yanapochorwa mistari miwili katikati ya barabara, unaokuhusu ni ule ulio karibu na wewe. Ukiwa haukukatika, huovateki, hata kama wa pili umekatika. Ndiyo maana mlimani anayepanda kukaribia kilele anazuiwa, huku anayeshuka, ambaye anaona mbele, wakati mwingine anaruhusiwa.

Kinachonisumbua ni pale mstari uliokatika unapokaribia kugeuka mfululizo. Chukulia lori linapanda kwa kilomita 60 kwa saa, mimi nikilipita kwa 80. Nikihesabu nafasi ya nyuma, urefu wa lori na nafasi ya kurudi, lazima nilizidi kwa mita 60 hivi. Hiyo ni kama sekunde 11, na ndani yake nakuwa nimesafiri karibu mita 240. Anayekuja kwa mwendo kama wangu naye atakuwa amekula 240 zake. Kwa hiyo nahitaji kuona karibu nusu kilomita, na mlima haunipi hiyo.

Kwenye baadhi ya barabara, vipande vya mstari uliokatika huwa virefu na mianya mifupi kabla ya mstari mfululizo. Je, mkiona hivyo mnaahirisha kabisa, au kuna namna ya kukadiria umbali uliobaki? Na ukishafika ubavuni mwa lori mstari ukabadilika, unafunga breki urudi nyuma yake au unamalizia? Rangi ikiwa imefutika je, mnaangalia nini? Madereva wa safari ndefu hasa, naombeni majibu.