Tupeane uzoefu: siku ya kwanza kwenda kumwona ndugu gerezani (Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe)

BintiUyole
Jana nikiwa kwenye daladala pale Mafiati karandinga likatupita. Kwenye wavu kulikuwa na vidole tu, vya watu wanne au watano, vimeshika chuma. Nikapitiliza kituo changu.

Mdogo wangu alifungwa 2021. Hukumu ilisomwa Jumatano, sisi tukaenda Jumamosi, mimi na mama. Mama kakesha anachemsha ndizi, kabeba na maparachichi, chupa ya chai na blanketi zito maana ilikuwa Julai, na Julai ya Mbeya mnaijua. Foleni tumepanga toka saa 1 asubuhi. Kufika mezani afande kauliza jina, nikamtajia. Akapitisha kalamu kwenye daftari juu mpaka chini, akarudia. "Hatuna mtu huyo." Nikamwambia afande, kaletwa Jumatano kwa karandinga, nilimwona kwa macho yangu akipanda. "Dada, hayumo. Pisha wengine."

Mama akakaa chini palepale kwenye vumbi. Alijua mwanawe kafa na wanatuficha.

Mama mmoja kwenye foleni ndiye aliyetuokoa. Akaniuliza, "Polisi alijiandikisha kwa jina gani?" Sikujua. Jumatatu nikaenda kwa karani wa mahakama na tarehe ya hukumu. Kumbe hati ya kifungo ina jina la ubatizo, ambalo mtu hajaliita toka darasa la saba, halafu la babu badala ya la baba. Sisi tulikwenda na jina la Kinyakyusa la nyumbani. Gerezani hawamjui mtu kwa sura wala kwa ukoo, wanajua kilichoandikwa kwenye hati.

Jumamosi iliyofuata tukamwona. Kavaa ile nguo ya rangi ya chungwa, kati yetu kuna wavu, afande kakaa hatua mbili kutoka pale. Mama akaanza kulia kwa Kinyakyusa. Afande akasema taratibu tu, "Mama, Kiswahili." Na mama yangu Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuza maharage. Akakosa la kusema. Muda wote uliobaki aliuliza neno moja tu: "Umekula?" Mtoto anajibu nimekula mama. Anauliza tena.

Nyie wenzangu ilikuwaje?

Dereva_Tunduma
Hiyo ya jina imetukuta na sisi. Tulizunguka wiki mbili.

KijanaSoweto
Poleni. Ila watu wajue, mahabusu haruhusiwi kuonana na ndugu kabisa mpaka upelelezi uishe. Mfungwa ndiye anaruhusiwa.

MstaafuMafinga
Kijana, umechanganya. Nimefanya kazi ya magereza miaka mingi, nimestaafu, nalima viazi. Mahabusu anaonwa na ndugu, na mambo yake mengine ni nafuu kuliko ya mfungwa: anavaa nguo zake, na anaweza kuruhusiwa kujigharimia chakula kutoka nje, kikikaguliwa. Unachokisikia labda ni cha kituo cha polisi, huko ni habari nyingine. Na mahabusu ana nafasi ya ziada ambayo watu hawaitumii: karibu kila wiki mbili analetwa mahakamani kesi itajwe. Ndugu anayejua tarehe anamwona pale, hata kama ni kumpungia mkono.

Siku ya hukumu mlango unabadilika. Nguo zake zinawekwa stoo, anavalishwa za gereza, chakula ni cha gereza. Ndizi za mama yako, binti, bila shaka zilirudi nyumbani.

BintiUyole
Zilirudi zote. Tulizigawa foleni. Blanketi nalo lilirudi. Mzee, kwa nini hawasemi mapema?

MstaafuMafinga
Wanasema, ila wanasema ukishafika mlangoni. Ndiyo maana nashauri safari ya kwanza uende mikono mitupu. Chukua kitambulisho, cha NIDA au cha mpiga kura, na kama huna, barua ya mtendaji wa kijiji. Chukua jina kama lilivyo mahakamani na namba ya kesi. Uliza siku za kuona wafungwa, maana gereza hili ni Jumamosi na Jumapili, lile lina mpangilio wake. Uliza kinachopokelewa. Ukimaliza uliza namba yake ya mfungwa, uiandike. Hiyo namba ndiyo itakusaidia siku zote.

Shangazi_Njombe
Mimi nasema beba tu. Sabuni na mswaki walinipokelea bila neno. Mafuta ya kupaka ndiyo walikataa, mpaka leo sijui kosa la mafuta.

Fundi_Kabwe
Samahanini, nafasi za ajira Magereza mwaka huu zimetoka?

Dereva_Tunduma
Wewe unataka kuingia, wenzio wanatafuta kutoka 😂

Mhehe_Halisi
Kamwene. Mimi niseme ya barua. Baba yangu alikuwa ndani, mimi nasoma Dodoma, nauli sina. Nikamwandikia kurasa nne kwa Kihehe, maana baba nikimwandikia Kiswahili naona kama namwandikia afisa elimu. Nikafunga bahasha vizuri na gundi. Wiki sita kimya. Nikajua kanikasirikia.

Kumbe kila barua inafunguliwa na kusomwa, inayoingia na inayotoka. Ya Kihehe ikasubiri mtu wa kuisoma. Siku hiyo ofisini askari wote ni wa Mara na Kigoma! Alipokuja kuipata nilishaandika nyingine ya Kiswahili, nusu ukurasa, ikamfikia kabla ya ile. Toka hapo naandika hivi: juu Mkuu wa Gereza, chini yake jina lake la hati na namba, bahasha siifungi kwa gundi. Ndani naandika habari za nyumbani. Mvua imenyesha lini, ng'ombe kazaa, nani kaoa. Ya kesi hapana, ya watu alioshtakiwa nao hapana.

Baba alijibu mstari huu na bado ninao: "Ng'ombe ni dume au jike? Hukusema."

BintiUyole
Jamani 😭

KijanaSoweto
Ila barua kusomwa ni kumwonea mtu. Hata ya mke?

MstaafuMafinga
Hata ya mke. Nimesoma nyingi ambazo nisingependa kuzisoma.

MamaVwawa
Sijaandika humu miezi, leo nimeshindwa kunyamaza. Barua ni afadhali. Mimi iliniliza simu.

Saa 11 alfajiri simu inaita, namba ngeni. "Mama fulani?" Anataja jina langu na la mwanangu, yote matatu, bila kukosea. "Mimi afande wa zahanati ya gereza. Kijana kaanguka usiku, tumemkimbiza, anahitaji dawa ambazo hapa hatuna. Shilingi 180,000. Ukichelewa sijui." Nyuma nasikia mtu anakoroma kama anayekata roho. Nikauliza naweza kusema naye? "Mama, mtu ana mashine mdomoni."

Sina hata elfu tano. Nikagonga kwa jirani, nikauza gunia la maharage gizani kwa bei ya kutupa, nikatuma 100,000. Baada ya nusu saa anapiga tena, imebaki 80,000. Hapo kaka yangu ndiye aliyenishika mkono, akasema twende. Tumepanda basi la kwanza. Njia nzima nimefunga kanga kiunoni kama naenda msibani.

Haikuwa hata siku ya kuona watu. Nilivyolia pale getini, afande wa zamu akaingia ndani, akarudi na mwanangu. Katoka anatafuna! Anafuta mikono kwenye suruali. Ananiuliza, "Mama, nani kafa?"

Dereva_Tunduma
Duh.

Shangazi_Njombe
Mungu wangu. Hao walijuaje majina matatu na namba yako?

KijanaSoweto
Hilo swali halina haja ya kuulizwa. Namba iliandikwa kwenye daftari la getini. Nani mwingine analiona?

MstaafuMafinga
Usipake watu wote matope. Jina linasomwa mahakamani mbele ya umma. Na kwenye foleni watu wanapeana namba kwa sauti, kila mtu anasikia. Hata mfungwa aliyetoka jana anajua majina ya wenzake na ya mama zao.

KijanaSoweto
Mzee unatetea kazi yako ya zamani.

MstaafuMafinga
Natetea ninachokijua. Gereza halimtozi ndugu pesa ya matibabu kwa simu ya alfajiri. Kama mtu kazidiwa anapelekwa hospitali ya serikali chini ya ulinzi, na ukienda getini wanakuambia yuko wapi.

MamaVwawa
Kaka yangu anasema daftari, mimi nafikiri ni mwanamke mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja kwenye basi, alinihoji sana. Sijui. Maharage yamekwenda.

Mhehe_Halisi
Kwani wao wenyewe hawawezi kupiga? Kuna jamaa alinipigia toka ndani, usiku, tumeongea vizuri tu.

MstaafuMafinga
Hiyo ni simu ya magendo. Simu ya mkononi ndani ni marufuku, akikutwa nayo anaadhibiwa, anaweza hata kupoteza siku zake za msamaha. Unamfurahia dakika tano, yeye anazilipa kwa miezi. Ukiwa na jambo zito, msiba au mtoto kazaliwa, nenda ofisi ya gereza na barua ya mtendaji, uombe apewe taarifa.

Shangazi_Njombe
Hilo kweli. Baba alipofariki, kaka aliitwa ofisini akaambiwa na afisa, na alisimamiwa mpaka alipotulia. Kuzika hakuja. Lakini hakusikia kwa watu.

Lori_la_Makete
Mimi langu fupi. Nimetoka Makete saa 9 usiku, nimefika saa 5, naambiwa kahamishwa siku nne zilizopita, yuko gereza la kilimo mkoa mwingine. Hakuna aliyetuambia. Sasa kabla ya safari namtuma shemeji aliyeko mjini apite getini Ijumaa na ile namba, aulize yupo au hayupo.

MstaafuMafinga
Umefanya sawa. Na binti wa mwanzo, nimesahau la muhimu kuliko yote. Mdogo wako alikata rufaa?

BintiUyole
Alitaka. Tulikuwa tunasubiri nauli ya kwenda kuongea naye vizuri.

MstaafuMafinga
Ndiyo hapo watu wanapopotea. Taarifa ya kusudio la rufaa ni ndani ya siku 10 tangu hukumu, si tangu ndugu wapate nauli. Anaiandikia humohumo, inapitia kwa Mkuu wa Gereza, haimtaki wakili. Rufaa yenyewe kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, na muda wa kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi. Nyie mlipoteza wiki nzima kwa jina. Swali la kwanza pale wavuni lilikuwa, "Umeandika taarifa?" Kula atakula.

BintiUyole
Mzee, mama yangu angeulizaje hilo kwa Kiswahili chake.

MstaafuMafinga
Kweli. Nisamehe. Akiwa amechelewa anaweza kuomba mahakama imwongezee muda, atoe sababu. Wengine wanakubaliwa, wengine hapana.

Fundi_Kabwe
Kwa hiyo nafasi hazijatoka?

MamaVwawa
Jumamosi naenda tena. Kuna mtu anatokea upande wa Uyole tukutane kwenye foleni?

BintiUyole
Mimi nipo, kuna binamu yangu yuko mahabusu. Nitavaa kitenge cha njano. Usininunulie maharage, na namba yako usinitajie kwa sauti.