Tupeane uzoefu: Ulipojaza ile fomu ya maswali 10 ya pombe ulipata ngapi, na ulihesabu vipi?

Mtunza Ghala (mtoa mada)
Wakuu, habari za jioni. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya presha, nikiwa kwenye benchi nikapewa karatasi ya AUDIT nijaze. Maswali 10, kila moja lina alama 0 hadi 4, jumla 40. Nilijaza kwa dakika mbili, nikapata 4. Nikarudi nyumbani kifua mbele.

Usiku nikaitoa tena nikaisoma taratibu. Swali la 2 linauliza siku unayokunywa huwa unakunywa vinywaji vingapi. Nilikuwa nimeweka alama kwenye "3 au 4", kwa sababu kichwani mimi ni mtu wa bia tatu. Chini kabisa kwa maandishi madogo: kinywaji kimoja ni gramu 10 za kilevi. Nani atasoma maandishi madogo mbele ya macho ya watu na muuguzi anaita jina lako?

Aliyewahi kujaza atuambie. Mimi nitaweka hesabu yangu ya pili nikishamaliza.

Nesi wa Zamu
Hapo ndipo wengi wanapoteleza, na sio wote wanadanganya. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 fanya hivi: 500 mara 5 gawa kwa 100, unapata mililita 25 za kilevi chenyewe. Zidisha kwa 0.79 kupata uzito, inakuja kama gramu 20. Kwa hiyo chupa moja ni vinywaji viwili. Bapa la mililita 200 la asilimia 35 lina zaidi ya vinywaji vitano, na mtu ataniandikia "kimoja" kwa sababu kweli alinunua kimoja.

Kata ya Mbege
Ndiyo maana nasema hizi fomu ni za wazungu. Sisi huku Moshi tunakunywa kwa kata, kata inazunguka watu wanne, mbege ya leo sio ya kesho. Gramu 10 utazipimia wapi?

Msafiri wa Nakuru
Ndugu, nusu uko sawa, nusu hapana. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza hiyo fomu lilichukua watu wa nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo, pamoja na Norwe, Australia, Bulgaria, Meksiko na Marekani. Lakini kuhusu kata nakuunga mkono.

Nesi wa Zamu
Kwa mbege maswali ya 2 na 3 yanakuwa ya kukisia, sikatai. Ila kuanzia la 4 hadi la 10 hayaulizi kipimo chochote. Uliwahi kushindwa kuacha baada ya kuanza? Ulihitaji kunywa asubuhi ili uamke vizuri? Uliwahi kuumia wewe au kumuumiza mtu? Hayo kata haiyafichi.

Dereva Mstaafu
Samahani naomba kuuliza, hiki kipimo ukikipuliza baada ya kula maembe yaliyoiva sana kinasoma? Trafiki waliwahi kunisimamisha.

Msafiri wa Nakuru
Mzee wetu, hii ni karatasi ya kujaza kwa kalamu, si ile ya kupuliza 😂

Mama wa Nyumba ya Bluu
Mimi nakunywa waini, nyumbani, watoto wakishalala. Nusu chupa, siku tano kwa wiki. Swali la 1 nimepata 4, la 2 nimepata 1, la 3 sifuri kwa sababu sijawahi kufika vinywaji sita kwa mkao mmoja. La 7, la kujutia, niliweka "kila mwezi", 2. Jumla 7. Rafiki yangu akasema mstari wa hatari unaanzia 8, niko salama. Ni kweli?

Nesi wa Zamu
Dada yangu, kwa wanawake na kwa watu wa zaidi ya miaka 65 mwongozo wenyewe unaruhusu kushusha mstari hadi 7. Halafu usiangalie jumla tu, angalia alama zimekaa wapi. Tano kati ya saba zako zimetoka kwenye maswali matatu ya mwanzo, yale ya wingi. Kuna kliniki hutumia hayo matatu peke yake, na mwanamke akifikisha 3 tayari wanamuita wazungumze. Wewe una 5. Na hiyo 2 ya kujutia inatoka upande mwingine, kwenye madhara.

Mama wa Nyumba ya Bluu
Sawa. Sikutegemea.

Kijana wa Kreti
Mimi swali la 4 nilipata sifuri safi. Sijawahi kushindwa kuacha. Sijawahi kujaribu pia, nikianza naacha pesa ikiisha 😅

Nesi wa Zamu
Hiyo sio sifuri, mkuu. Kama mwenye kuamua saa ya kuondoka ni pochi na sio wewe, jibu unalo.

Aliyetoka 26
Nitasema langu kwa ufupi. Nilipata 26. Asubuhi mikono ilikuwa inatetemeka mpaka nipate kidogo, kwa hiyo swali la 6 niliweka "kila siku". Niliogopa ile namba, nikamwaga kila kitu jioni ileile. Siku ya pili nikaanguka degedege mbele ya mama yangu. Hospitali wakaniambia mwili uliozoea namna ile haukatwi ghafla, kuna dawa na kuna kusimamiwa.

Nesi wa Zamu
Asante kwa kulisema. Kuanzia 20 fomu inasema mtu aonwe na mtaalamu, haisemi ajitibu. Na haisemi "wewe ni mlevi" pia. 8 hadi 15 ni ushauri, 16 hadi 19 ni mazungumzo ya kina na kufuatiliwa. Ugonjwa wenyewe unathibitishwa kwa kuzungumza na mtu, karatasi peke yake haitoshi.

Mtunza Ghala (mtoa mada)
Nimerudi. Nilifungua miamala ya simu ya pale baa. Sio tatu, ni nne, na Jumamosi moja tano. Hesabu mpya:

Swali la 1, Ijumaa na Jumamosi kila wiki: 3, kama mwanzo. La 2, chupa nne ni vinywaji nane: 3. La 3, sita au zaidi kwa mkao mmoja, nilikuwa nimeweka "kamwe", kumbe ni kila wiki: 3. La 5, kikao cha shule ya binti nilichokosa: 1. La 8, usiku mmoja wa Desemba sijui nilifikaje nyumbani: 1. La 10, mke amesema mwaka huu nipunguze: 4.

Jumla 15. Kutoka 4.

Kata ya Mbege
La 10 hapo mnamuonea. Wangu mimi ni mlokole, hata glasi moja ya sikukuu analia. Nipewe 4 kwa imani ya mtu?

Nesi wa Zamu
Swali linauliza kama jamaa, rafiki au mhudumu wa afya amekuwa na wasiwasi au amekushauri upunguze. Haliulizi kama ana haki. Weka 4, halafu ukikaa na daktari umweleze.

Msafiri wa Nakuru
Hapo sikubaliani. Alama 4 ni nusu ya mstari mzima.

Kata ya Mbege
Asante!

Mtunza Ghala (mtoa mada)
Wangu sio mlokole, anakunywa na yeye sikukuu. Nilimpa karatasi tupu jana anijazie yeye. Amenipa 17. Tofauti yetu yote ni swali la 4: mimi nimeweka sifuri, yeye ameweka "kila mwezi", anasema zile safari za "moja ya mwisho" anazihesabu akiwa kwenye gari. Tumebishana hadi saa tano usiku. Kliniki narudi Jumatatu, sijaamua nipeleke karatasi ipi.

Mama wa Nyumba ya Bluu
Peleka zote mbili.