Barua ya kumwomba mhadhiri siku chache: naumwa na kazi ni Ijumaa

Fatma, Leeds
Shikamooni wakubwa zangu. Kazi ya uchambuzi wa data inatakiwa Ijumaa saa sita mchana, nami tangu Jumapili nina homa na kikohozi, kompyuta siwezi kuitazama kwa muda. Data nimeshazisafisha na modeli ya rigresheni nimeiendesha. Bado kuikagua na kuandika matokeo. Nimwandikieje mhadhiri?

Mzee Hamisi, Leicester
Marahaba, pole sana mwanangu. Nenda kwanza kwa daktari akupe karatasi. Uingereza bila karatasi hawakusikilizi.

Joseph, Manchester
Pole dada. Mimi nafundisha chuo. Mzee wangu, karatasi inasaidia, lakini kwa ugonjwa usiozidi siku 7 madaktari wa hapa kwa kawaida hawaitoi, na barua maalumu huweza kulipiwa. Ndiyo maana vyuo vingi vina fomu ambayo mwanafunzi anajaza mwenyewe kwamba aliumwa.

Fatma, itafute leo. Mara nyingi mhadhiri hana mamlaka ya kuongeza muda, ofisi ya wanafunzi ndiyo inayoamua. Fomu itangulie, barua ifuate, na vyote vifike kabla ya Ijumaa saa sita. Saa hiyo ikipita wanaanza kukata alama, na utalazimika kueleza kwa nini hukusema mapema. Andika hivi, ila uitafsiri kwa Kiingereza:

*Mimi ni mwanafunzi wako wa uchambuzi wa data, namba ya usajili … Tangu Jumapili naumwa homa na kikohozi, siwezi kufanya kazi kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Nimeshasafisha data na kuendesha modeli. Bado kuikagua na kuandika matokeo. Naomba siku tatu za kazi, hadi Jumatano saa sita mchana. Fomu ya ugonjwa nimeituma leo.*

Usieleze ugonjwa zaidi ya hapo. Sentensi yenye uzito ni ile ya kazi iliyobaki, kwa sababu ndiyo inayoonyesha kwa nini siku tatu zinatosha. Anayeandika tu "naomba muda zaidi" anarudishiwa maswali, na siku zinapita.

Neema, Muscat
Mimi kompyuta iliharibika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, wakanikatalia kabisa! Hata picha ya kioo kilichopasuka niliwatumia.

Joseph
Pole Neema. Hilo si ugonjwa, na vyuo vingi hawalikubali: wanatarajia uwe na nakala mahali pengine. Fatma, nawe hifadhi nakala ya data na ya msimbo wa programu uliouandika leo.

Fatma
Asante kaka, fomu nimeipata. Inasema "siku tatu" tu. Wakihesabu Jumamosi na Jumapili, mwisho ni Jumatatu!

Joseph
Kwetu tunahesabu siku za kazi, kwenu sijui. Waulize ofisini, na kwenye fomu taja Jumatano na tarehe yake.

Mzee Hamisi
Na Jumatano ikifika bado anaumwa?