Naomba ushauri: saa imeonyesha oksijeni ya mama ni 86 usiku

Habari zenu wakuu. Mama yangu anavaa saa inayopima oksijeni ya damu akiwa amelala. Juzi usiku iliandika asilimia 86, nikakurupuka kitandani. Nilimkuta anapumua vizuri na midomo haijabadilika rangi, ila alikuwa ameulalia mkono wenye saa na mkanda umelegea. Nikampima kwa kile kipimo cha kubana kidoleni: 97. Nikakaza mkanda kiasi, akatulia dakika chache mkono ukiwa mezani, saa nayo ikasoma 96.

Najua saa inamulika ngozi na kukadiria kutokana na mwanga unaorudi, kwa hiyo mkono wa baridi au uliobanwa unaweza kuvuruga hesabu. Lakini 86 ikiwa ya kweli ni hatari, na naogopa kuzoea kuipuuza. Hata saa ikisoma 96 huku mama anahema kwa shida, nitamwamini mama.

Halafu saa hiyo hutoa pia alama ya msongo wa mawazo. Jana ilipanda hadi 80 akiwa ametulia tu kwenye kiti. Jioni akapandwa na homa. Nimeelewa kwamba inakisiwa kutokana na muda kati ya pigo moja la moyo na jingine, hivyo haitofautishi wasiwasi na ugonjwa.

Wenye uzoefu, hasa wahudumu wa afya: nimpeleke kwa daktari na rekodi za wiki nzima, au kushuka kwa mara moja hakuna maana? Anakoroma sana, na kuna usiku pumzi hukatika kidogo kisha anashtuka. Je, hilo ndilo la kutaja kwanza?